Kebo ya kamera ya ulinzi: yenye plagi za kiwandani au ya kukata kwenye roli?

Ukiingia duka la kamera Kariakoo ukaomba kebo ya kamera za analogi, utawekewa mezani vitu viwili. Cha kwanza ni kifurushi chepesi cha nailoni, ndani yake kuna kebo nyembamba ya mita 18 au 20, kila ncha ikiwa na BNC, yaani kichwa cha picha, na kichwa cha umeme wa DC, vyote vimefungwa kiwandani. Cha pili ni roli zito la RG59 yenye pawa: kebo nene ya picha iliyoshikamana ubavuni na nyaya mbili za umeme kama mapacha. Hiyo unakatiwa kwa mita na vichwa unanunua pembeni. Zote mbili zinapeleka picha kwenye DVR, ile mashine ya kurekodi, na kuleta volti 12 kwenye kamera, na zote mbili muuzaji atakuambia ni nzuri.

Nimefunga zote kwa miaka, na ninachoweza kumwambia mtu anayechagua ni hiki: usianze na picha, anza na umeme. Kwa nyumba na maduka yetu, umbali unaoshinda kebo kubeba picha ni nadra kuufikia. RG59 ya shaba inabeba picha ya megapikseli 2 mita mia kadhaa. Kinachokwama mapema ni zile nyaya mbili ndogo za pawa, na zinakwama kwa namna inayomdanganya hata fundi.

Nichukue kazi moja niliyoifanya Tegeta, duka la vifaa vya ujenzi lenye yadi nyuma. Kamera zilikuwa nne: ya kaunta mita 12 kutoka kwenye DVR, ya mlango wa mbele mita 18, ya stoo ya saruji mita 34, na ya geti la nyuma mita 46. Mwenye duka alikuwa tayari amenunua seti nzima, kamera na DVR na vifurushi vyake vya kebo za mita 18, na kwa kamera za mbali aliongezewa vifurushi vingine vya kuunganisha. Tulifunga mchana, zote nne zikaonyesha picha safi, akafurahi. Saa moja na nusu usiku akanipigia.

"Fundi, hii ya geti inalia."

"Inaliaje, mzee?"

"Inalia tik, inazima. Inakaa kidogo, tik, inazima tena. Na kwenye TV naona picha inakuja inapotea."

Mlio huo ndio utambulisho wa tatizo lenyewe. Giza likiingia, kamera inasogeza kichujio kidogo kilicho mbele ya sensa na kuwasha taa zake za infraredi. Ule mlio wa "tik" ni kichujio kikihama. Kabla ya hapo kamera ile ilikuwa inavuta kama ampea 0.15, taa zikiwaka inavuta kama 0.4. Mkondo ukiongezeka, volti nyingi zaidi zinapotelea njiani ndani ya nyaya, kamera inakosa nguvu na kuzima. Ikizima, taa nazo zimezima, mkondo umeshuka, volti zinarudi, kamera inawaka upya, inaona giza, inawasha taa. Mzunguko huo unaendelea hadi alfajiri. Mchana fundi akija kukagua hakuti kitu.

Sasa tuziweke kebo hizi bega kwa bega. Nyaya za pawa ndani ya kebo nyembamba ya kiwandani niliyoifungua zilikuwa na unene wa karibu milimita za mraba 0.13, yaani kila mita moja ina ukinzani wa omu 0.134 hivi. RG59 nzuri ya roli ina nyaya za shaba za milimita za mraba 0.75, zenye omu 0.023 kwa mita. Katikati yake kuna RG59 ya bei rahisi, ambayo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba juu, mara nyingi za 0.5. Alumini hiyo ina ukinzani wa karibu mara moja na nusu ya shaba yenye unene uleule, kwa hiyo tuweke omu 0.053 kwa mita.

Hesabu yake ni nyepesi, ila kuna mahali pamoja watu wanakosea: umeme unakwenda na kurudi. Kamera iliyo mita 46 ina mita 92 za waya. Zidisha mita 92 kwa omu za mita moja, kisha zidisha kwa ampea za kamera usiku. Jibu ndilo volti zinazopotea. Kwa kebo nyembamba: 92 × 0.134 ni omu 12.3, mara ampea 0.4 ni volti 4.9. Umetuma 12, zimefika 7.1. Kwa kamera zote nne za Tegeta, usiku taa zikiwa zimewaka, volti zinazofika ni hivi:

| Umbali | Nyembamba ya kiwandani | RG59 ya alumini, 0.5 | RG59 ya shaba, 0.75 |
|---|---|---|---|
| Mita 12 | 10.7 | 11.5 | 11.8 |
| Mita 18 | 10.1 | 11.2 | 11.7 |
| Mita 34 | 8.4 | 10.6 | 11.4 |
| Mita 46 | 7.1 | 10.0 | 11.2 |

Angalia kibandiko cha kamera yako au karatasi yake. Zipo zilizoandikwa 12V ±25%, hizo zinavumilia hadi volti 9. Zipo za ±10%, ambazo chini ya 10.8 huna haki ya kuzilaumu zikizingua. Kwa kamera za kundi la kwanza, kifurushi cha mita 18 kinatosha, na kwa umbali huo sina ugomvi nacho. Kwa kundi la pili hata mita 12 imepungukiwa kidogo. Na kwenye mita 34 hadi 46 kebo nyembamba imeshashindwa kwa makundi yote mawili. Hali halisi inakuwa mbaya kuliko jedwali, kwa sababu kamera nyingi za sasa zikipata volti pungufu huvuta ampea zaidi ili kufidia.

Mchana kamera ileile ya geti, ikivuta 0.15 tu, inapoteza volti 1.8 na kubaki na 10.2. Ndiyo maana ilitupa picha safi tulipoifunga. Na hapa kuna mtego wa multimita unaostahili kuelezwa polepole. Ukichomoa kamera ukapima volti kwenye ncha ya kebo, utasoma 12 kamili hata kama kebo ni nyembamba kama uzi, kwa kuwa bila kamera hakuna mkondo unaopita na bila mkondo hakuna kinachopotea. Lazima upime kamera ikiwa imechomekwa na taa zake zimewaka. Mimi natumia vichwa viwili vya DC vya skrubu, dume na jike, nimeviunganisha kwa vipande vifupi vya waya. Navichomeka kati ya kebo na kamera, nagusa skrubu kwa pini za multimita, kisha nafunika uso wa kamera kwa kitambaa cheusi. Kichujio kinalia tik, namba inashuka mbele ya macho. Kule geti ilishuka kutoka 10.1 hadi chini ya 8, kamera ikazima.

Watu huniuliza kama wanaweza kuongeza volti kwenye pawa saplai. Zile za boksi la chuma zina kiskrubu kidogo kilichoandikwa V ADJ, na ndiyo, ukikizungusha unaweza kupata 13 hivi. Kwa RG59 iliyo mbali kidogo inasaidia. Ila boksi ni moja na kamera ni nne: unachomwongezea wa geti unamwongezea pia wa kaunta aliye mita 12, naye hajaomba. Kwa upungufu wa volti 5 siyo dawa. Kuweka adapta karibu na kamera ni dawa kweli, mradi uwe na soketi pale na ukubali kwamba umeme wa upande ule ukikatika kamera inakufa hata kama DVR iko kwenye UPS.

Kwa hiyo kwa umeme, roli linashinda kuanzia mita 20 kwenda juu. Lakini roli lina mtego wake, nao ni kilichomo ndani. Kabla hujalipia, omba kipande cha sentimita kumi. Menya waya wa pawa, kwaruza uzi mmoja kwa kisu: shaba ni nyekundu hadi ndani, alumini itaonyesha weupe. Ukunje mara kadhaa palepale. Alumini inakatika upesi. Kisha nenda kwenye uzi wa katikati wa kebo ya picha na uuguse kwa sumaku. Ukinasa, ni chuma kilichopakwa shaba. Kebo ya namna hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya antena na dishi, ambako mawimbi ya juu sana hupita kwenye ngozi ya waya tu. Picha ya kamera ya analogi ina sehemu kubwa ya mawimbi ya chini, nayo hupita kwenye mwili mzima wa waya, kwa hiyo chuma kinaipunguza nguvu. Mwisho angalia wavu unaozunguka: wavu mzito wa shaba unaoficha plastiki nyeupe ya ndani ni bora kuliko nyuzi chache za rangi ya fedha juu ya karatasi ya foili, hasa kama kebo itapita karibu na nyaya za umeme mkubwa. Soma na maandishi ya ganda. RG58 inafanana sana na RG59 kwa macho, lakini hiyo ni ya omu 50 kwa ajili ya redio, na kamera zinataka omu 75. Kuzichanganya huleta kivuli cha picha pembeni ya picha.

Kuhusu picha kwenye kebo nyembamba, nisiionee. Kwa mita 18 ndani ya nyumba inaonyesha vizuri. Udhaifu wake ni wavu mwepesi, hivyo ikilala pamoja na waya wa pampu au wa taa za yadi, mistari huanza kutembea kwenye skrini, na ikiunganishwa mara mbili au tatu rangi hufifia, hata DVR ikaandika haioni kamera.

Tuje kwenye ncha, ambako kifurushi cha kiwandani kina faida yake ya kweli na pia hatari yake.

Faida ni kwamba BNC ya kiwandani imefungwa na mashine. Huhitaji koleo la kukandamiza, huhitaji jicho. Mtu anayefunga kamera mbili nyumbani kwake kwa mara ya kwanza akitumia kebo hizi atafanya kazi safi kuliko akikata roli na kufunga vichwa vibaya.

Hatari ni kwamba kebo hii ina upande. Kamera ina mkia wenye BNC jike na DC jike. DVR nayo ina BNC jike. Ndiyo maana kebo ina BNC dume ncha zote mbili. Ila DC ni tofauti: adapta inatoa dume, kamera inapokea kwa jike, kwa hiyo kebo ina jike upande wa adapta na dume upande wa kamera. Ukiivuta kinyume, BNC itaingia vizuri pande zote ukaridhika, halafu kule juu ya ngazi ukakuta DC jike mkononi na jike kwenye kamera. Nimeona hilo likitokea baada ya kebo kupita dari nzima la gipsamu, na hakukuwa na njia isipokuwa kuivuta yote upya. Kabla ya kuingiza kebo darini funga utepe mwekundu kwenye ncha yenye DC dume na uandike "KAMERA". Vifurushi vingine huja na kikaratasi kinachosema hivyo, lakini hudondoka kebo ikivutwa.

Upande huo huo unaeleza pia kwa nini kuunganisha vifurushi viwili kunachanganya. DC ya kwanza dume inaingia kwenye DC jike ya pili bila msaada wowote. BNC zinakutana dume kwa dume, kwa hiyo unahitaji kiunganishi cha jike kwa jike katikati. Kiunganishi hicho kikikaa nje bila boksi, hewa ya chumvi ya pwani yetu itakila ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Kisha kuna tundu. Kichwa cha BNC kina kipenyo cha milimita kama 14 na nusu, na pembeni yake kuna DC. Ili vipite ukutani unatoboa 18 au 20, na ndani ya paipu la umeme la milimita 20 lenye kona havipiti kwa amani. Kebo ya roli isiyo na vichwa inapita tundu la 12, halafu vichwa unavifunga baada ya kupita. Nyumba ambayo mapaipu yameshazikwa ukutani imeshakuamulia: nunua roli.

Kwa roli, kulinganisha vichwa ni kazi yako. BNC zinauzwa kwa saizi ya kebo. Ya RG59 inataka uzi wa kati wa milimita 0.8 na ganda la 6 hivi. RG6 ina uzi wa 1.0 na ganda karibu la 7. Ukipewa BNC ya RG6 kwa kebo ya RG59, bomba lake litacheza na siku moja litachomoka likiacha wavu mkononi. Ukipewa kinyume, uzi hauingii kwenye pini, na nimeona watu wanauchonga kwa kisu ili uingie. Usifanye hivyo, rudisha dukani.

Kuna BNC za kukandamiza, za skrubu, na za kusokota kwa mkono. Za kusokota sizipendi kabisa, zinalegea zikivutwa. Za skrubu zinafaa kwa asiye na koleo, mradi kebo isining'inie kwenye kichwa. Mimi ni wa kukandamiza. Ingiza kwanza bomba dogo kwenye kebo, maana ukisahau utakata na kuanza upya. Menya ganda la nje, kunja wavu nyuma, menya plastiki ya ndani ili uzi wa kati ubaki milimita chache, kaza pini juu yake, sukuma ndani ya kichwa hadi isikike imekaa, rudisha wavu juu ya shingo, sogeza bomba, kaza. Kinachoharibu mara nyingi ni uzi mmoja wa wavu, mwembamba kama unywele, uliobaki mbele ukagusa pini. Skrini inakuwa nyeusi na mtu analaumu kamera. Kabla hujachomeka popote, weka multimita kwenye mlio, gusa pini na ganda la BNC: ikilia, una uzi unaogusa.

Vichwa vya DC vina namba mbili, 5.5 kwa nje na 2.1 kwa tundu la ndani. Kuna ndugu yake wa 5.5 kwa 2.5 anayefanana naye kabisa kwa nje. Dume la 2.5 linaingia kwenye kamera lakini linacheza, na kamera huzima upepo ukitikisa kebo. Chomeka, tikisa kwa kidole, sikiliza. Chanya iko katikati: pini nyekundu ya multimita ndani ya tundu, nyeusi kwenye bati la nje, isome 12 bila alama ya kutoa mbele. Ikisoma -12, umegeuza nyaya, na zipo kamera zisizosamehe kosa hilo. Kama una pawa saplai ya boksi, upande wake hauhitaji DC kabisa, ni nyaya tupu kwenye skrubu. Ukiwa na kebo ya kiwandani utalazimika kukata ile DC jike, na hapo usiamini rangi za ndani; pima ipi inafika kwenye tundu la katikati ndipo ufunge.

Kule Tegeta tuliacha vifurushi kwenye kaunta na mlangoni, kwa kuwa kamera zile zilikuwa za ±25% na volti 10.1 zinazitosha. Stoo na geti tuliondoa kebo zote za kuunganisha tukavuta RG59 ya shaba, mita 85 kwa jumla pamoja na akiba ya kufanyia vichwa na tumbo dogo la kebo chini ya kila kamera ili maji ya mvua yadondoke pale badala ya kufuata kebo hadi kwenye kichwa. Jioni nilibaki hadi giza likaingia, multimita ikiwa imening'inia getini. Kichujio kikalia tik mara moja, namba ikashuka kutoka 11.7 ikasimama 11.1, na taa za infraredi zikabaki zinawaka.